Jekundu Shimoni, Kijani Juu

Mume wangu Twaibu Kalembo alikuwa mtu wa kupuliza chai hata ikiwa imepoa. Namtaja kwa hilo kwanza kwa sababu ndilo ninalolikumbuka bila kujitahidi. Mengine inabidi niyatafute. Alikuwa mrefu, miguu ikitoka nje ya mkeka, na alikuja kijijini kwetu kama wanaume wa Kiyao wanavyokuja, na jembe lake, shoka lake na nguo za siku mbili, akajenga nyumba kwenye kiwanja cha mama yangu. Kwetu mume ndiye mgeni. Mwenye nyumba ni mke, na mwenye mke ni kaka yake.

Kaka yangu ni Sandali. Sisi dada zake watatu na watoto wetu tulikuwa mbumba yake, watu walio chini ya mkono wake, na mkono huo ulikuwa mzito ingawa mwenyewe ni mfupi kama mchi. Akisema mume fulani abaki, anabaki. Akisema aende, anakunja mkeka. Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa baya, kwa kuwa Sandali na Twaibu walipendana kuliko nilivyopendwa na yeyote kati yao.

Walitaniana kutwa. Mlamu na mlamu, yaani shemeji na shemeji, hawana adabu.

"Mlamu, wewe ukifa tutakuzika kwenye shimo la mhogo," Twaibu alikuwa akimwambia. "Sanda yako leso inatosha."

"Na wewe tutakukunja mara mbili kama shuka," Sandali anajibu. "Mtu gani anaotesha miguu tu, akili hakuna!"

Mwaka wa tisini na tano ukaja ule wazimu wa mawe. Watu walioshinda wakipalilia mpunga wakaacha mpunga. Kando ya mto Muhuwesi kukawa na mashimo kuliko nyumba, na Wathai na Wasirilanka wakakaa mjini Tunduru na meza zao, wakinunua kokoto ambazo sisi tulikuwa tukizipiga teke. Hakuna aliyejua jina la kitu. Kulikuwa na jekundu, buluu, kijani na jeupe, basi. Jekundu ndilo lililokuwa sultani, kwa sababu mtu mmoja wa Nakapanya alipata jekundu akarudi na baiskeli tatu.

Sandali na Twaibu walichimba shimo lao peke yao. Kaka kwa ufupi wake ndiye aliyeingia. Chini shimo lilipinda likafuata kokoto ubavuni, hatua kama sita, na huko jua halikufika kabisa. Alichimba kwa koroboi. Twaibu alibaki juu, anavuta ndoo kwa kamba na roda, anamwaga, anachekecha. Mimi niliwapelekea chakula mchana.

Siku moja niliwakuta kazini. Ilikuwa ugali wa mhogo na kisamvu. Nilipokuwa nautua mzigo nikamsikia kaka anapiga kelele chini ya ardhi.

"Mlamu! Mlamuu! Jekundu!"

"Jekundu nini?"

"Jekundu kama damu ya kuku! Kama ukucha wa dole gumba mbele ya moto! Naliweka kwenye ndoo, liko peke yake, vuta polepole!"

Twaibu akavuta. Mimi nilikuwa nimegeuka nafungua sahani. Hilo ndilo ambalo nimeulizwa na nimejiuliza maisha yangu yote: nilikuwa nimegeuka. Nikasikia roda inalia, kisha inanyamaza. Kisha Twaibu akasema taratibu, "Mbona hili la kijani?"

Nilipogeuka alikuwa amelishika juani kwa vidole viwili. Lilikuwa la kijani, kama chupa ya soda iliyokaa mtoni ikasuguliwa. Sandali akapanda kwa ile ngazi ya miti akihema, tope mpaka kwenye kope, akacheka kwanza.

"Haya, mlamu, utani baadaye. Lete jiwe."

"Ndilo hili."

"Hilo umeliokota wapi? Lete jiwe langu."

"Shemeji, Wallahi, ndoo ilikuwa na hili tu."

Sandali alilichukua akaligeuza. Upande mmoja kijani. Akaliweka ubavu, likawa kijani kinachoelekea manjano iliyochuja, kama chai ya rangi iliyozidi maji. Akaligeuza tena na tena. Jekundu halikuwemo. Akalitupa miguuni pa Twaibu, na uso wake ukabadilika, na utani wao ukakatika dakika ile.

Akatafuta kwenye ndoo. Akatafuta kwenye lundo la kokoto, akarudi shimoni, akapanda. Akamwambia Twaibu avue nguo. Twaibu akavua. Akamwambia afungue kinywa. Akafungua. Kaka akaingiza kidole chenye tope mpaka nyuma ya ulimi, na mume wangu akatoka machozi ya kutapika, akanitazama. Mimi nilishika kifuniko cha sufuria.

"Amelimeza," Sandali akasema.

Kwenye machimbo hilo lilikuwa jambo la kawaida, na dawa yake ilijulikana. Anayeshukiwa hufungiwa siku tatu, hupewa uji na maji mengi, na haendi haja peke yake. Twaibu alifungiwa nyumbani mwangu. Vijana wawili wa jirani walimsindikiza chooni, wala hakujisaidia kwenye tundu la choo, bali kwenye jani la mgomba. Na mtu wa kuchambua kwa kijiti na maji akatakiwa awe wa karibu, asije mgeni akaliona jiwe akalificha. Kaka akasema mke wake ndiye wa karibu zaidi.

Nilichambua siku tatu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Twaibu alikaa amegeukia ukuta. Chai niliyompa hakuipuliza.

Siku ya nne Sandali alikuja alfajiri na wazee wawili wa kushuhudia. Hakupaza sauti.

"Umelitoa nje wewe, na mwenzio aliyelipokea yuko, sijui ni nani. Sitaki kujua. Kunja mkeka wako."

"Na Somoe?" Twaibu akauliza. Somoe ni mimi.

"Somoe ana kaka."

Akakunja mkeka. Lile jiwe la kijani alikuwa ameliokota siku ile ile akalifunga kwenye pembe ya shuka lake, na hakuna aliyeligusa fundo, kwa nini waliguse? Alipopita mlangoni alilifungua akaliweka kiganjani mwangu.

"Liweke," akasema. "Ndilo lililotoka. Mimi sina lingine."

Nilimwona akienda njia ya Ruvuma, kwa mama yake ng'ambo, Msumbiji, jembe begani. Sikulia. Watu walisema Somoe ana moyo wa jiwe, na mimi nikawaza kwamba hata mawe siku hizi yana bei. Nilikuwa sisikii kitu, kama mguu uliokaliwa. Unaupiga unajua ni wako, basi.

Jioni kaka aliniambia nilitupe mtoni. Nikamwambia nimelitupa. Nililishonea ndani ya mto wa usufi ninaolalia, na sikulitazama. Usiku mwingine nililigusa kwa nje, kwenye kitambaa, nikijua lipo. Ukiniuliza nilimwamini nani, nitasema nilikuwa na mto.

Sandali aliacha machimbo akarudi kwenye mikorosho. Hakuoa mke wa pili, hakujenga bati mpaka wenzake wote walipokwisha kujenga. Lakini hilo jiwe jekundu alikaa nalo moyoni. Kila akisikia mtu wa ng'ambo amenunua gari, husema, "Hilo ni langu." Gari lisilojulikana rangi wala mwenyewe! Kwenye misiba, kwenye harusi, atakuja kulieleza: lilivyokuwa jekundu, lilivyong'aa mbele ya koroboi. Watoto wa dada zangu walikuwa wakimaliza sentensi zake.

Mwaka wa elfu mbili na tisa, msimu wa korosho, akapita mnunuzi mmoja aliyezoea kuvuka mto. Alininunulia gunia moja, akafunga mizani yake, kisha akaniambia kama mtu anayekumbuka deni la chumvi:

"Wewe si Abiti Makwinja, Somoe binti Makwinja? Kuna mzee kule Mavago anakusalimu. Anasema ulitazame lile jiwe kwenye taa."

"Lipi?"

"Hakuniambia lipi. Alisema utajua. Ulitazame kwenye taa, halafu nimpelekee jibu, ndivyo alivyosema. Nitapita tena mwezi ujao."

Usiku ule ule nilifunga mlango wa chumba, nikafumua mto. Kaka alikuwa amenipa tochi ya Kichina, ya kuchaji, yenye vijitaa vyeupe saba vinavyochoma macho. Nilikuwa nimefurahi nayo, koroboi nikamgawia jirani. Nikalimulika jiwe.

Kijani.

Nikalisogeza. Nikalipindua, likatoa ile manjano iliyochuja, nikasema labda ndiyo anayoitaka, rangi mbili. Lakini rangi hiyo tuliiona wote juani siku ya kwanza, na kaka hakuiita damu ya kuku. Nililimulika mpaka tochi ikaanza kufifia. Jekundu halikuja.

Siku hiyo ndipo nilipomwacha Twaibu. Kaka alimfukuza, mimi nilimwacha, na kati ya hizo mbili ilipita miaka kumi na nne. Mnunuzi aliporudi nikamwambia, "Mwambie nimetazama." Akauliza, "Na jibu?" Nikasema ndilo hilo. Nikalishona tena, kwa sababu mto ulihitaji kushonwa.

Basi, miaka minane mingine. Mwezi wa pili, mvua haikukatika siku tano. Taa ya sola ilizima kwa kukosa jua, na ile tochi ilikwisha kufa zamani. Ilikuwa saa tisa alasiri lakini ndani giza, na mto wangu ulikuwa umeingiwa na unyevu, unanuka. Nikawasha mshumaa, nikakaa kuubadilisha usufi. Jiwe likaanguka kwenye sakafu.

Niliokota kitu chekundu.

Nilidhani ni kidole changu kimechomwa na sindano. Nikafuta. Nikalisogeza kwenye mwali, likawa jekundu zaidi, jekundu lenye zambarau kidogo, kama ukucha wa dole gumba ukiushika mbele ya moto. Nikaenda nalo mlangoni, kwenye mwanga wa mvua. Kijani. Nikarudi kwenye mshumaa. Jekundu. Sikupiga kelele. Niliumaliza mto kwanza, nikaushona. Mtu atasema huyu mwanamke ana wazimu. Mikono ilikuwa na kazi, nikaiacha ifanye.

Sikumwambia kaka. Nilitaka mtu mwenye kujua, asiye wa kuniambia nimerogwa. Mvua ilipokatika nilikwenda Tunduru mjini kwa Mama Mponda, dalali wa siku nyingi, mwanamke mnene mwenye meza kwenye kibanda karibu na soko na mdomo usiopumzika.

Alilishika juani, akaliweka kwenye kipande cheupe cha karatasi. Halafu akafungua droo, akatoa balbu ya zamani, ile yenye waya ndani, akaichomeka. Akaziba mwanga wa mlango kwa mgongo wake. Likawa jekundu.

"Bibi wewe!" akasema. "Umelalia hili?"

"Nimelilalia. Nieleze linabadilikaje."

"Halibadiliki. Sikiliza. Jiwe hili lina milango miwili, mmoja wa kijani, mmoja wa nyekundu. Rangi nyingine nyingi linazila. Jua linaleta kila rangi, na kijani ni tele, basi jicho lako linashika kijani. Moto, mshumaa, koroboi, balbu hii ya waya, hizo zina nyekundu nyingi, kijani kidogo, buluu ndiyo kabisa haba. Basi mlango wa nyekundu ndio unaojaa. Jiwe ni lile lile. Aliyebadilika ni mgeni anayeingia."

"Na ukiligeuza, linakuwa manjano."

"Hilo ni jambo lingine, usilichanganye. Hilo ni upande. Mwanga ukipita jiweni kwa upande huu unaliwa hivi, kwa upande ule unaliwa vile. Hata taa isipobadilika, utaliona. Fundi wa kukata hukesha analigeuza, atafute uso gani ukae juu. Lakini nyekundu hii na kijani hii, hiyo ni taa."

"Niliwahi kulimulika kwa tochi. Ya Kichina, nyeupe. Halikubadilika."

Mama Mponda akacheka akapiga meza. "Hizo nazo ni taa? Hizo zinajifanya jua! Nyeupe ile imejaa buluu na kijani. Wangapi wametupa mawe yao kwa tochi hizo! Utatazama mpaka uote pembe."

Akaanza kutaja bei. Nililifunga kwenye kanga nikamshukuru, na bado ananitangaza mjini kuwa nina kichwa kibovu.

Nyumbani nilimwita kaka. Alikuwa na miaka sitini na minane, goti baya. Nilifunga dirisha, nikawasha mshumaa mchana kweupe, nikaliweka jiwe mbele yake kwenye sahani.

Alilitazama. Kinywa chake kikafunguka kama anayetaka kusema yale maneno yake ya misibani.

"Umelipata wapi?"

"Toka nalo nje," nikamwambia.

Akatoka. Akaingia. Akatoka tena. Mara ya sita au ya saba nikaacha kuhesabu. Jirani aliuliza kama mzee amepoteza kitu. Mwisho alikaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, jiwe mkononi, mpaka mshumaa ukaisha.

"Nilimtia kidole kinywani," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe mbona ulinyamaza?"

Nilimtazama kaka yangu yule. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi nilihisi kitu, nacho kilikuwa hasira, na hasira yenyewe ilikuja ikapita kama mtu aliyekosea nyumba. Nikaenda kuinjika maji.

Kwetu aliyemfukuza mkwe kwa kosa lisilo lake ndiye anayekwenda mwenyewe kwa miguu yake, na jogoo na unga, wala hatumi mtu. Sandali alikwenda na goti lake, nami nikafuatana naye. Tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi, tukalala njiani mara mbili. Njia nzima nilikuwa na swali moja tu, kama Twaibu yu hai. Sikuwaza kurudiana. Nilitaka aambiwe, asikie kwa masikio yake.

Alikuwa hai. Tulimkuta Mavago mbele ya nyumba ya mke wake wa huko, anasuka kamba, miguu mirefu imenyooka mbele. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alitutazama muda, akaweka kamba chini.

"Mlamu," akasema. "Bado hujarefuka."

Sandali alipiga goti lile baya, akaweka jogoo, akaweka unga, akaweka jiwe juu ya unga. Alisema aliyokuja kuyasema. Sikuyasikiliza yote. Twaibu alisema, "Inuka, bwana, utavunjika," akamwinua mwenyewe, na Sandali akalia begani kwake, yaani kifuani, maana begani hafiki.

Kisha akanigeukia.

"Ulipata salamu zangu?"

"Nilipata."

"Nilikwisha kujua kitambo. Nilifanya kazi kwa Msirilanka mmoja, akanionyesha lingine kama hilo. Nikasema nikija mwenyewe nitafukuzwa, acha Somoe alione kwanza. Nilikaa mwaka nikingoja uje ndipo nikaoa hapa." Alisema bila uchungu, kama anayesimulia mvua za zamani. "Jibu lilikuja kwamba umetazama. Uliona nini?"

"Kijani."

"Kwenye taa?"

"Kwenye tochi. Ya Kichina."

Mabega ya Twaibu yakaanza kutikisika, akacheka mpaka mkewe akachungulia jikoni. Nami sikucheka.

"Nilisema taa," akasema akijifuta macho. "Ningesema moto. Neno moja! Huku kwetu bado ni koroboi, nikajua taa ni taa."

Mkewe alileta chai. Aliipuliza. Niliangalia pembeni.

Sandali alipokwenda kutawadha tulibaki wawili. Twaibu alilichukua jiwe kutoka kwenye unga, akalipangusa, la kijani juani.

"Nikuulize kitu, Somoe. Si cha kugombana, tumezeeka. Zile siku tatu. Ulipokuwa unachambua na kile kijiti. Ulikuwa unaomba nini?"

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kumdanganya kaka, nimejidanganya mwenyewe kwa mto.

"Nilikuwa naomba nilione," nikasema. "Ili yaishe."

Akatikisa kichwa polepole, akaipuliza tena ile chai iliyokwisha kupoa.

"Hata mimi," akasema. "Nilikuwa naomba ulione. Angalau ningefukuzwa nikiwa nimeiba kweli."